Wadogo zangu wa klaringi, kile kiboksi cha thamani kwenye weibili msikiache wazi

Jana pale Vingunguti nimemkuta kijana wetu mpya anajaza weibili ya mzigo wa Mbeya, kafika kwenye kiboksi cha thamani ya mzigo akaandika "tazama invoisi" halafu akageuza ukurasa fasta kwenda kwenye idadi ya katoni. Nikamshika mkono. Akaniambia kaka si invoisi tumeibana hapo nyuma, wataiona. Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa najibu hivyohivyo, ndo maana leo naandika, na msinione mkali.

1. Mbebaji halipi bei ya mzigo, analipa kilo

Hapa wengi mnapotea. Mnajua transpota akipoteza mzigo analipa, basi mnadhani analipa kilichopotea. Geuza weibili usome yale maandishi madogo ya nyuma, utakuta kikomo cha kulipa kimepangwa kwa kilo. Kule Ulaya kuna mkataba wa mwaka 1956 unaitwa CMR, kikomo chake sasa ni SDR 8.33 kwa kila kilo ya uzito wa jumla iliyopungua. SDR ni ile hesabu ya IMF, moja huwa inazidi dola kidogo. Tanzania hatumo kwenye mkataba huo, kwa hiyo kinachokubana ni karatasi uliyosaini, na humo unaweza kukuta SDR 2 tu kwa kilo, au hata neno moja kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Sasa mzigo wa simenti ukipata SDR 2 kwa kilo unalipwa wote na inabaki. Kitu chepesi chenye bei kubwa ndo kinakuua. Mnapopima uzito wa katoni jiulizeni kilo moja ya hiki kitu ni shilingi ngapi, hilo swali tu litakwambia kama kile kiboksi kinakuhusu au la.

2. Katoni ya kilo 9

Hii ni ya mwaka 2019, na ni mimi. Mteja wetu, mzee mmoja wa Mbeya anayeuza vifaa vya zahanati, alileta katoni 14, jumla kilo 310. Kumi na tatu zilikuwa glavu, bandeji, shuka za vitanda, vitu vya kawaida. Ya 14 ilikuwa na vichwa vya mashine ya altrasaundi, vile daktari anavyopitisha tumboni, kilo 9 pamoja na maboksi yake, bei yake peke yake shilingi milioni 14 na laki 6. Mzee alinitumia invoisi Watsap na akaongeza vois noti, mwanangu hiyo ndogo iangalie sana. Nikamjibu usijali mzee. Niliiangalia kweli, niliibandika stika ya kioo pande zote nne na nikasimama wanapakia mpaka ikawekwa juu.

Ila kwenye weibili kiboksi cha thamani niliandika "tazama invoisi", kwa sababu transpota yule alikuwa anachaji nyongeza ya asilimia nusu ya thamani utakayodiklea, na mimi niliona mzee tayari analalamika nauli. Pigeni hesabu nyie, nusu ya asilimia ya milioni 14.6 ni elfu 73. Nikaona namsaidia.

Lori likapakuliwa Iringa, mzigo ukahamishiwa gari lingine, Mbeya zikafika 13. Mzee kwa bahati nzuri alihesabu kabla ya kusaini, akaandika kwenye delivari noti kwamba moja imepungua, na dereva akasaini. Kwa hiyo kwenye klemu hakukuwa na ubishi hata kidogo, transpota alikubali siku ya pili kwamba kapoteza. Nikafurahi, nikampigia mzee nikamwambia wamekubali, tusubiri hela. Ile simu ndo inaniuma kuliko yote.

Barua ilipokuja ilikuwa na mistari minne. Kilo 9 mara SDR 2 ni SDR 18. Kwa dola ya wakati ule ilikuwa kama dola 25, shilingi kama elfu 57. Nilidhani wamekosea sifuri. Nikaenda ofisini kwao na invoisi mkononi, yule bwana wa klemu akanifungulia nyuma ya weibili kwa upole kabisa akaninyooshea kidole kwenye sharti: thamani itahesabiwa imediklewa pale tu kiasi kikiandikwa kwenye weibili na nyongeza ikalipwa kabla ya gari kuondoka. Invoisi kubanwa nyuma sio kudiklea. Ile ni karatasi ya mzigo, inaonyesha wewe unajua thamani, haionyeshi kwamba yeye amekubali kuibeba. Nikajaribu kusema basi hesabu kilo zote 310, akasema zilizopotea ni 9. Na nilipokuja kukaa nikapiga, hata kwa ile 8.33 ya CMR ingekuwa kama laki 2 na elfu 38, bado hata robo ya milioni haifiki.

Mwanasheria wa ofisi akatuambia njia ya kukivunja kikomo ni kuthibitisha kwamba waliupoteza kwa makusudi, na katoni kutoonekana Iringa bila anayejua ilikoenda hakuthibitishi hilo. Mzee alikuja Dar mwenyewe kwa basi. Akaishika ile barua akaniuliza, "Mwanangu, hii elfu 57 ni ya nini?" Sikuwa na jibu, nilimwambia ukweli wa elfu 73. Akanyamaza muda mrefu, akasema ungeniuliza ningelipa.

3. Jinsi ya kudiklea

Andika kiasi, kwa tarakimu na sarafu, sio "tazama" wala "kama ilivyo". Hakikisha nyongeza inaonekana kwenye risiti ya nauli na mtu wao kasaini. Na sio lazima udiklee mzigo mzima, hili wengi hawalijui: mwandikie namba ya katoni, "katoni 14, Tsh 14,600,000", uache zile za glavu zibaki kwenye kilo. Mteja analipa nyongeza ya kitu kimoja tu. Ukiandika jumla bila kugawa, ikipotea ndogo watakwambia thamani igawanywe kwa uzito, na hapo umerudi kulekule.

Mzigo ukibadilishiwa transpota njiani, weibili ya pili nayo iandikwe thamani hiyohiyo. Wewe umeshamuahidi mteja milioni 14, halafu mwenye lori la pili anakudai umwonyeshe wapi alikubali.

4. Kudiklea sio bima

Ile thamani ni dari tu. Ukidiklea milioni 20 na hasara ni 14.6 utalipwa 14.6, tena kwa kuonyesha invoisi. Ukidiklea milioni 3 ili uokoe nyongeza, dari ni milioni 3. Na bado mbebaji lazima awe na kosa, kama kitu kimevunjika kwa sababu mteja alikifunga vibaya atakwepa, hapo ndo bima ya mzigo njiani inapotakiwa, na hiyo ni karatasi nyingine kabisa na inakatwa kabla.

5. Kusaini

Mwambieni mpokeaji afungue kabla ya kusaini, na kama uharibifu umejificha ndani aandike barua mapema. CMR inatoa siku 7, masharti ya transpota wako yanaweza kukupa siku chache zaidi, soma.

Yule kijana jana nilimrudisha kwenye simu ampigie mteja. Mzigo ulikuwa na kompyuta mpakato sita kwenye katoni moja. Mteja akauliza nyongeza ni shilingi ngapi, akaambiwa, akatuma kwa simu kabla hata turubai halijafungwa.