Maswali na Majibu: Amplifaya Geuzi na Mipaka ya Opampu

Maalim, nimeunda amplifaya geuzi kwa 741, rezista ya kuingilia kilo-omu 1 na ya mrejesho kilo-omu 100. Mbona sipati 100 kamili? (Mwanafunzi, Mbweni)

Kanuni ya Rf/R1, yaani rezista ya mrejesho kugawanywa kwa ile ya kuingilia, huchukulia kuwa mguu wa hasi wa opampu uko kwenye volti sifuri. Hauwezi kuwa sifuri hasa, kwa sababu chipu haitoi kitu mpaka ione tofauti baina ya miguu yake miwili ya kuingilia, na tofauti hiyo ni volti ya pato kugawanywa kwa A, yaani ukuzaji wa chipu yenyewe bila mrejesho. Tukiitia katika hesabu tunapata:

`G = -(Rf/R1) / (1 + (1 + Rf/R1)/A)`

Kwa 741, A ya kawaida kwenye umeme mnyoofu ni 200,000, hivyo upungufu ni 101/200,000, takriban asilimia 0.05. Rezista za asilimia 5 zinaweza kukosea zaidi ya hapo kwa mbali sana, basi zipime hizo kabla ya kuilaumu chipu.

Naikuzia ala yangu ya taarabu, kanuni, kwa saketi kama hiyo hiyo, na sauti za juu zinafifia. Nako kosa ni dogo? (Msomaji, Wete)

Huko si dogo, kwani A haibaki 200,000. Kuanzia takriban hezi 5 hupungua kadiri masafa yanavyopanda, na zao la A na masafa hubaki karibu megahezi 1: kwenye kilohezi 1 A ni 1,000, kwenye kilohezi 10 ni 100 tu. Mpaka wa amplifaya yako ni megahezi 1 kugawanywa kwa 101, yaani kilohezi 9.9, ambako ukuzaji umeshuka hadi kama 71. Kigawanyo ni 1 + Rf/R1, jambo ambalo wengi husahau. Ndiyo maana amplifaya geuzi ya ukuzaji 1 huishia kilohezi 500, si megahezi 1.

Kwenye kilohezi 1 mtu angetarajia kosa la asilimia 10, lakini A huchelewa robo ya mzunguko, kwa hiyo ukubwa hupungua asilimia 0.5 tu na wimbi huchelewa nyuzi 6 hivi.

Dawa ni kuweka hatua mbili za ukuzaji 10. Kila moja hufika kilohezi 91, na kwa pamoja kama 58, ila pato halitakuwa limegeuzwa tena.

Nitajuaje kuwa si kasi ya pato ndiyo iliyokwama? (Fundi, Chake Chake)

Weka oskiloskopu kwenye mguu wa hasi. Pato likiwa na kilele cha volti 5 kwenye kilohezi 1, utaona kama milivolti 5 pale, na kwa pato lile lile zitaongezeka masafa yakipanda. Kisha punguza ingizo kwa nusu. Uwiano wa pato kwa ingizo ukibaki ule ule, na wimbi likiwa laini, tatizo ni A; ikiwa wimbi lilikuwa na umbo la pembetatu na sasa limekuwa laini, pato lilikuwa limegota kwenye kasi yake, ambayo kwa 741 ni karibu volti 0.5 kwa maikrosekunde.