Nimelipa nusu ya muda, mbona deni halijafika nusu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Nilikopa benki Sh 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, rejesho Sh 299,545 kila mwezi. Nimelipa miezi 12 bila kuchelewa hata mara moja. Juzi nimeulizia salio la kumaliza mkopo, nikaambiwa Sh 3,267,285. Si lilitakiwa liwe milioni tatu? Halafu nina milioni moja niliyopata kwenye viazi. Nikiiingiza kwenye mkopo itanisaidia, au riba yote nimeshailipa? – Mama Pembejeo, Uyole

Jibu: Mama, hujaibiwa. Nimepiga hesabu kwa masharti hayohayo uliyoyataja, nikafika kwenye salio hilohilo.

Rejesho lako halibadiliki, ila ndani yake mna mafungu mawili yanayobadilika kila mwezi: riba, na sehemu inayopunguza deni la msingi. Riba hukatwa kwenye deni lililobaki siku hiyo, wala si kwenye milioni sita za mwanzo. Ni kama umekodi ekari sita za viazi na kila mwezi unamrudishia mwenye shamba kipande: kodi unailipia zile ekari ambazo bado unazo.

Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulikuwa na deni la 6,000,000, kwa hiyo riba ilikuwa 90,000. Ondoa hiyo kwenye 299,545, zinabaki 209,545, na hizo ndizo zilizoshusha deni hadi 5,790,455. Mwezi wa pili riba ikahesabiwa kwenye hizo 5,790,455, ikawa 86,857. Riba ilipungua kwa Sh 3,143, na kwa kuwa rejesho ni lilelile, kiasi hichohicho kikahamia upande wa deni la msingi, likapunguzwa kwa 212,688. Ratiba nzima inakwenda hivyo, mstari baada ya mstari, hadi mwezi wa 24, ambapo riba ni kama Sh 4,427 tu na rejesho karibu lote linaingia kwenye deni.

Sasa tazama milioni tatu zako. Ili deni lifike nusu katika miezi 12, kila rejesho lingepaswa kupunguza deni la msingi kwa wastani wa Sh 250,000, yaani milioni sita gawanya kwa 24. Lako lilianza na 209,545, likapanda kidogo kidogo, na mwezi wa 12 lilikuwa limefika kama 246,800. Hakuna hata mwezi mmoja uliogusa 250,000. Mwezi wa 13, yaani rejesho lako lijalo, ndio wa kwanza kuivuka: riba 49,009, deni la msingi 250,536. Kuanzia hapo unalipia deni kwa kasi kubwa kuliko wastani, na ndiyo maana mkopo unaisha kwa tarehe yake ingawa katikati ya safari unaonekana kubaki nyuma.

Mtaani husemwa kwamba benki inakula riba yake kwanza. Sikubaliani na kauli hiyo. Hakuna riba ya mwezi wa 20 iliyokatwa mwezi wa tatu. Riba ya mwanzo ni kubwa kwa sababu mwanzoni ulikuwa umeshika pesa nyingi zaidi. Katika mwaka huu wa kwanza umelipa riba ya karibu Sh 862,000. Iliyobaki mbele, ukifuata ratiba, ni kama Sh 327,000. Hiyo bado hujailipa, na unaweza kuipunguza.

Ukitaka kujihakikishia, huhitaji zaidi ya kikokotozi cha simu: chukua salio, zidisha kwa 0.015, toa jibu kwenye rejesho, kisha toa tofauti hiyo kwenye salio. Mwenye kompyuta anaweza kupata rejesho lenyewe kwenye Ekseli kwa kuandika hivi:

```
=PMT(0.18/12,24,-6000000)
```

Ukiona tofauti ndogo na karatasi ya benki, usiogope. Baadhi ya benki huhesabu riba kwa siku, hivyo mwezi wa siku 31 unakuwa na riba kubwa kidogo kuliko Februari. Kwa hesabu hiyo pia, kuchelewa siku kumi ukiwa na salio lako la sasa kunaongeza riba ya kama Sh 16,000, mbali na faini kama mkataba unayo.

Kuhusu milioni ya viazi: ikiingia leo kwenye deni la msingi, salio linashuka hadi 2,267,285. Ukiendelea kulipa 299,545 zilezile, utabakiwa na marejesho manane kamili na la tisa dogo la kama Sh 28,500, badala ya kumi na mawili. Riba iliyobaki inashuka kutoka 327,000 hivi hadi kama 157,600. Umeokoa karibu Sh 170,000. Toa humo ada ya kulipa kabla ya wakati, kama mkataba wako unayo. Lakini kama hiyo milioni ingenunua mbolea ambayo dukani ingekuzalishia zaidi ya 170,000 katika miezi hiyo, mimi ningenunua mbolea.

Ukiamua kuilipa, usiiweke tu kwenye akaunti ya mkopo ukaondoka. Mara nyingi mfumo huichukulia kama marejesho ya miezi ijayo yaliyowahi kufika: pesa inakaa pale, kila tarehe inakatwa 299,545, na riba inaendelea kuhesabiwa kana kwamba hujalipa kitu cha ziada. Andika barua kwa afisa mikopo kwamba fedha hiyo ipunguze deni la msingi, rejesho libaki lilelile na muda ufupishwe, kisha udai ratiba mpya. Mstari wake wa kwanza uonyeshe riba isiyozidi kama Sh 34,000. Ukikuta bado ni 49,000, pesa yako haijafanya kazi.

Haya yote yanahusu riba ya salio linalopungua, na tarakimu zako zinaonyesha mkopo wako ni wa aina hiyo. Ile milioni tatu kamili uliyoitarajia ungeikuta kwenye mkopo wa riba ya flati, na usingeifurahia. Huko asilimia 18 inakatwa kwenye milioni sita kwa miaka yote miwili: riba 2,160,000, rejesho 340,000 kwa mwezi, riba 90,000 mwezi wa kwanza na 90,000 mwezi wa mwisho, hata kama deni limebaki 250,000. Deni lingefika nusu mwezi wa 12, lakini ungekuwa umeshatoa 4,080,000 badala ya 3,594,540. Ukiugeuza mkopo huo kuwa wa salio linalopungua, asilimia zake ni zaidi ya 31 kwa mwaka. Kwa hiyo siku ukienda kukopa tena, iwe benki au SACCOS, usiulize asilimia peke yake. Omba ratiba kabla ya kusaini, weka kidole kwenye safu ya riba, ukishushe mpaka chini. Kama tarakimu ni ileile kuanzia juu hadi chini, hiyo ni flati.