“Panauma kiasi gani?”: maneno ya kipimo cha nyuso na cha tabia

*Swali: Naandaa kitini cha kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi kupima maumivu ya watoto wadogo. Kwenye kipimo cha nyuso nimeandika: “Mwambie mtoto achague sura inayofanana na anavyojisikia, kuanzia yenye furaha hadi yenye huzuni.” Mwenzangu anataka niandike “anavyoumwa”, mwingine anapendekeza “uchungu wake”. Kwa wasioweza kusema nimeweka mfano: “Mtoto ana maumivu 6, hutulia akibebwa.” Je, Kiswahili hiki ni sahihi?*

Kisarufi sentensi zako hazina kasoro kubwa, mwalimu. Kasoro iko kwenye kazi zinazotakiwa kufanya. Kipimo cha nyuso ni swali, na mtoto atajibu kile hasa alichoulizwa. Ukitaja furaha na huzuni, atakujibu kuhusu furaha na huzuni. Mtoto aliyemkosa mama yake tangu asubuhi ataonyesha uso wa mwisho hata kama kidonda hakimsumbui, na mwenye maumivu makali aliyepewa mwanasesere sasa hivi anaweza kuonyesha wa kwanza. Ndiyo maana katika kipimo cha nyuso sita kilichotolewa mwaka 2001, kinachokusudiwa kuanzia miaka 4 hivi, uso wa kwanza hautabasamu na wa mwisho hauna machozi, na maelekezo yake yanakataza kabisa kutaja furaha au huzuni. Ikiwa karatasi mliyonayo ni ile nyingine, ambayo uso wa kwanza unatabasamu, basi kwenu ni muhimu zaidi mdomo wa muuguzi usilisindikize tabasamu hilo kwa neno.

“Inayofanana” nayo iondoe. Ukimwambia mtoto wa miaka minne atafute sura inayofanana naye, ataanza kulinganisha nyusi na midomo, au atakunja uso ili afanane na picha. Tunachotaka kujua ni anachokisikia ndani ya mwili. Sura yake tunaiona wenyewe.

Sasa “anavyoumwa”. Mwenzako ana hoja, maana *-umwa* kikiwa na kiungo chake kinaeleweka vizuri: naumwa kichwa, naumwa tumbo. Lakini kikisimama peke yake, “unaumwa?” huulizia ugonjwa. Mtoto aliyelazwa anajua anaumwa, kwa hiyo atasema ndiyo hata dakika ambayo hakuna kinachouma. *-umia* kinapotea upande mwingine: “umeumia?” kinauliza kama amejeruhiwa, na aliyefanyiwa upasuaji jana ana jibu moja tu siku nzima. “Uchungu” ni neno halali, na wako wazungumzaji wengi wanaolitumia kwa maumivu ya kawaida, lakini pia ni uchungu wa dawa ulimini, uchungu wa kufiwa na uchungu wa uzazi. Ukijua kwamba watoto unaowapima hulisikia nyumbani kwa maana ya maumivu, litumie. Kwa kitini kitakachosomwa sehemu nyingi nisingelichagua.

Kitenzi ninachokupendekezea ni *-uma* chenyewe, kikiwa na upatanisho wa mahali: panauma. Kina faida mbili. Kinashika sehemu ya mwili, kwa hiyo hakichanganywi na ugonjwa kwa jumla, na mtoto mdogo anakijua kabla hajajua nomino “maumivu”. Mwelekezo mzima unaweza kuandikwa hivi, muuguzi akigusa nyuso moja baada ya nyingine:

“Nyuso hizi zinaonyesha jinsi mtu anavyoweza kusikia panauma. Uso huu: hapaumi kabisa. Huu: panauma kidogo. Panazidi kuuma, panazidi, mpaka huu wa mwisho: panauma sana sana. Nionyeshe uso unaoonyesha panavyouma sasa hivi.”

“Sasa hivi” usiyaache. Bila maneno hayo mtoto anaweza kukujibu kuhusu sindano ya asubuhi.

Utaona pia nimeandika uso na nyuso, si sura. Mbele ya mtoto “sura” haina tatizo, ila kwenye kitini “angalia sura ya tatu” itamfanya mwanafunzi afungue kurasa. Na hata “uso wa tatu” ni mtego. Nyuso sita hizo hupewa alama 0, 2, 4, 6, 8 na 10, hivyo uso wa tatu una alama 4. Andika “uso wenye alama 4”, na alama zenyewe zikae upande wa karatasi ambao mtoto hauoni.

Kwenye kipimo cha tabia hali inageuka: hapa hakuna anayeulizwa, lugha yote ni ya mtazamaji. Nadhani unatumia kile cha mwaka 1997 chenye vipengele vitano, yaani uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na kutulizika, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2. Vitenzi vyake lazima vitaje kinachoonekana. “Uso una maumivu” ni jibu lililotangulia swali. “Amekunja uso mara mojamoja” ni 1. “Kidevu kinatetemeka karibu muda wote” ni 2.

Hapo njeo na viambishi vya hali vinabeba alama. Chukua mtoto wa miaka miwili baada ya upasuaji wa tumbo. Muuguzi amemfunua miguu na kumtazama kwa dakika chache, kisha ameandika: “Amekunja uso mara mojamoja (1). Amekunja miguu tumboni (2). Anajinyonganyonga (1). Anaguna, halii kwa sauti (1). Ametulia kwa muda alipokumbatiwa (1).” Jumla ni 6. “Amekunja miguu” ni hali iliyopo bado, miguu iko tumboni. Angeandika “anakunja miguu”, msomaji angeona miguu inayokunjwa na kunyooshwa, mahangaiko ambayo yangeweza kupewa 1, na jumla ingeshuka hadi 5. Vivyo hivyo “analia” peke yake hakitoshi, kwa sababu hakisemi kama ni kilio cha mfululizo au cha kukatikakatika.

“Hutulia akibebwa” kwenye mfano wako ina shida ya namna hiyohiyo. *Hu-* inaeleza mazoea, kana kwamba tunamsimulia mtoto huyu na tabia yake ya siku zote, na huenda mama yake ndiye aliyetuambia. Kipimo kinataka kilichotokea wakati wa kutazama: ametulia alipobebwa, au hakutulia.

Kuhusu “ana maumivu 6”, hapo ndipo ningeng'ang'ania zaidi. Mtoto anayemwogopa muuguzi hulia, hurusha miguu na hukataa kutulizwa, na anaweza kufikisha alama za juu bila kuumwa popote. Mwingine hulala kimya bila kujitikisa kwa sababu kila akijisogeza panauma, naye anapata alama za chini. Namba hiyo imehesabu tabia. Kwa hiyo andika “alama za tabia 6 kati ya 10”, kisha hali iliyokuwapo: “akiwa macho, mama yupo, kabla ya kubadilisha bandeji”. Na kwa aliyejionyeshea mwenyewe andika “ameonyesha uso wenye alama 6”. Sentensi hizo mbili zikitofautiana kwenye faili, muuguzi wa zamu inayofuata hatazisoma kama kitu kimoja, wala hatadhani maumivu yamepanda kutoka 4 hadi 6 kumbe kilichobadilika ni kipimo.