Hajawahi kuona, anajuaje kuwa mimi ni mzuri?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, nimechumbiwa na mwalimu ambaye haoni tangu kuzaliwa. Kila siku ananiambia mimi ni mzuri. Nina kovu la moto shavuni, sijawahi kumtajia. Dada zangu wanasema huyo anaropoka tu, angekuwa na macho asingenitaka. Juzi akaniuliza, "Hivi kweli wewe ni mweusi sana?" Tangu hapo silali. Anajua nini kuhusu uzuri? Au ananidanganya?*
*Mwenye Mashaka, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hakudanganyi. Akisema "mzuri" ana vitu anavyovimaanisha, ila si vile wanavyovihesabu dada zako.

Sauti yako ndiyo aliyoanza kukujua nayo. Humo hupata umri, afya, hali ya moyo, hata umbo, kwa sababu mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana njia ndefu zaidi kutoka kooni hadi midomoni, na urefu huo hubadilisha mvumo wa sauti. Mwaka 2016 watafiti walichapisha jaribio la watu 91: waliozaliwa hawaoni au kupofuka utotoni, waliopofuka baadaye, na wenye macho. Walisikilizishwa irabu tu za wanaume wawili wawili, kisha wakaulizwa yupi ana mwili mkubwa. Walipatia kuliko mtu anayebahatisha, na makundi yote yalikuwa sawa. Basi zile hadithi za masikio ya ajabu ya wasioona ziweke kando. Ana masikio kama yako. Wewe ukishamtazama mtu huishia hapo, yeye huendelea kumsikiliza.

Kuhusu mguso, watu hudhani wasioona hupapasa nyuso za wenzao. Wengi hawafanyi hivyo kabisa, na wengine huudhika kuulizwa. Mguso wa kila siku ni ule mnapotembea: anakushika mkono juu kidogo ya kiwiko, wewe ukitangulia nusu hatua. Hapo anapata kimo chako, unene wa mkono, mwendo wako. Ukisita mbele ya mtaro anajua kabla hujafungua mdomo. Ukikasirika, msuli unakaza mkononi mwake. Ongeza harufu ya udi kwenye nguo zako, na uniambie kama huyo hakujui.

Hata umbo analo rai nalo. Watafiti wa Uholanzi waliwapelekea wanaume waliozaliwa hawaoni sanamu mbili za kuvalishia nguo, wakazipima kwa mikono. Moja kiuno chake kilikuwa asilimia 70 ya nyonga, nyingine 84. Waliipenda zaidi ile ya kiuno chembamba, ingawa si kwa nguvu kama wenye macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Maana yake, ladha hiyo haihitaji macho ili iwepo, lakini macho huizidisha.

Sasa rangi. Hiyo haishikiki wala haisikiki. Yote anayoyajua kuhusu weusi na weupe amepewa na watu: shangazi zake wakimsifia bibi harusi, matangazo ya krimu redioni, vijana wakipiga soga kibarazani. Amekua akisikia kwamba weupe una bei, kama unavyosikia wewe. Kwa hiyo swali lake lilitoka kwa mtu. Muulize bila hasira: "Nani kakwambia, na kwako weusi una maana gani?" Akibabaika, basi ni neno la kuokota. Akisema anaogopa watu watamcheka, hapo mna la kuzungumza, kwa sababu anajua kwamba wenye macho humpima kwa mke atakayemwoa. Hofu hiyo wanaume wanaoona wanayo pia, ila wao huificha vizuri zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni kovu. Sikubali ulifiche, na haraka yangu haitokani na uzito wa kovu lenyewe. Dada zako wana midomo, na harusini kuna wageni. Akilisikia kwa mwingine, litakalomuuma ni kuwa wa mwisho kujua. Mwambie wewe, wiki hii, kwa maneno ya mkono: liko wapi, lina ukubwa gani, ngozi ni ngumu au laini, lilitokana na nini. Ukipenda, mpe mkono wake aliguse; usipopenda, usilazimike. Pengine atauliza kama bado linauma.

Na yeye je, umewahi kumwambia anafananaje? Uso wake mwenyewe anaujua kwa kuguswa na kusimuliwa tu. Wengi humwambia "umependeza" kwa huruma, hata shati likiwa limepauka mabegani. Mwambie lipi linampendeza na lipi alitupe.