Karatasi ya hesabu na neno "tatua"

"Mwanafunzi wa kidato cha pili kanitumia picha ya milinganyo ya kipeo cha pili, kaandika 'tatua' tu. Nimjibuje?"

Mfanyie mfano mmoja usiokuwemo kwenye karatasi, mwanzo hadi mwisho: 2x² + 7x + 3 = 0. Zidisha 2 kwa 3, upate 6. Tafuta namba mbili zenye zao 6 na jumla 7, yaani 6 na 1. Sasa 7x inaandikwa 6x + x, unapata (2x + 1)(x + 3) = 0, hivyo x = -1/2 au -3.

Kisha afanye swali lake la kwanza, atume picha ya hatua zote. Wengi hutafuta zao la 3 badala ya 6, wakapata jumla ya 4, wakakwama. Jibu tupu halikuonyeshi hilo. Majibu ya mwisho mpe baadaye, ajisahihishe.