Kikaguzi cha bure na ripoti ya chuo

"Tasnifu yangu kikaguzi cha bure cha wizi wa maandishi kimeipa 0% ya kufanana. Ripoti ya chuo nayo itatoka safi?"

Usiitegemee, ndugu yangu. Kikaguzi cha bure hupekua zaidi kurasa zilizo wazi mtandaoni. Turnitin, programu inayotoa ripoti ya chuo, ina pia ghala la kazi za wanafunzi zilizowasilishwa huko nyuma, na makala za majarida ya kulipia.

Tuseme aya yako kuhusu karafuu za Pemba imetoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi aliyekutangulia. Mtandaoni haipo, basi kikaguzi hakioni kitu. Kama ghalani imo, ripoti itaipaka rangi mstari kwa mstari. Hata rasimu yako mwenyewe, ikishahifadhiwa humo, inaweza kuhesabiwa imefanana.

Muombe msimamizi wako aipitishe bila kuihifadhi, kisha fungua kila chanzo kilichotajwa. Asilimia pekee haikuonyeshi aya gani ya kuandika upya.