Mbona Tunajificha Tukipiga Eksirei

"Mwanangu, kama haina madhara, mbona wewe wakimbilia nyuma ya kioo?" Akina mama wa hapa Mombasa huniuliza hivyo mara kwa mara, na swali lenyewe lina maana.

Huwajibu hivi. Picha moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.02, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Mama anapigwa picha moja kwa sababu anaihitaji. Mimi nipo kwa kila picha, miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata moja inayonitibu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba mionzi inayotufikia zaidi ni ile inayougonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika pande zote. Kwa hiyo mkipiga picha, mwangalieni mgonjwa kama ndiye chanzo. Mkiachia swichi imekwisha, haibaki chumbani wala mwilini mwake.

Ndiyo maana wodini nina wasiwasi zaidi kuliko chumbani kwetu, kwa kuwa kule hakuna ukuta wenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Umeisukuma mashine ya magurudumu hadi kitandani, mgonjwa hawezi kuinuka. Waombe wanaoweza kutoka watoke, vaa aproni ya risasi, kisha nyoosha waya wa swichi hadi mwisho na usimame angalau mita 2 kutoka kwa mgonjwa, nje ya njia ya mwale. Ukisimama mita 2 badala ya 1, unapata robo tu ya mionzi. Ukisimama mita 3, unapata sehemu moja kati ya tisa. Aproni nayo huzuia sehemu kubwa ya mionzi iliyotawanyika, lakini haikupi ruhusa ya kuingia kwenye mwale wenyewe. Na usiikunje, itundike, maana risasi ya ndani hupasuka bila wewe kuona.

Muda wa picha ya kawaida ni sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo hapo muda unaokolewa kwa kutorudia picha: mweke mgonjwa sawa mara ya kwanza. Upasuaji ni habari nyingine. Kule mionzi hutoka muda wote pedali inapokanyagwa, kwa hiyo daktari akiendelea kuikanyaga huku haangalii skrini, mwambie aiachie.

Beji ya kupimia mionzi haizuii chochote, inaandika tu kiasi ulichopokea. Vaa kifuani, chini ya aproni, ikiwa ni moja. Kikomo chetu ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mwenzangu mmoja aliletewa usomaji wa juu kuliko kawaida yake, akapoteza usingizi. Tulipofuatilia, tukakuta koti lake, beji ikiwa juu yake, lilikuwa likitundikwa ndani ya chumba cha picha. Wengine huiacha ndani ya gari juani, na joto kali linaweza kufuta sehemu ya kumbukumbu yake, ikasoma chini. Baada ya zamu, iweke kwenye ubao wa beji, mbali na mashine na jua.